Zile "wa" Tano: Historia Iliyojificha Kwenye Zoezi la Kujaza Nafasi

Hebu tuanze na zoezi. Limeandikwa kwa mtindo ule unaoujua kutoka shule ya msingi: nomino, nafasi iliyo wazi, nomino nyingine. Kazi yako ni kuweka a-unganifu inayofaa.

1. Kiti ___ mwalimu
2. Mlango ___ nyumba
3. Mtoto ___ jirani
4. Ukuta ___ shule
5. Watu ___ kijiji
6. Uzito ___ mzigo
7. Mizizi ___ mti
8. Macho ___ paka
9. Nyumba ___ babu
10. Jina ___ mto
11. Rafiki ___ Juma
12. Nyumbani ___ babu

Kama Kiswahili ni lugha yako ya kila siku, umemaliza kabla hujafika mwisho wa ukurasa. Majibu ni cha, wa, wa, wa, wa, wa, ya, ya, ya, la, wa, kwa.

Sasa rudi uyahesabu. "Wa" imetokea mara sita kati ya 12. Maana yake mwanafunzi asiyejua lolote kuhusu ngeli, ambaye ameamua tu kuandika "wa" kila mahali, anaondoka na nusu ya alama. Mwalimu anaweza kuliona hilo kama bahati mbaya ya kuchagua maneno, akabadilisha mawili matatu na kuendelea. Lakini si bahati. Hizo "wa" zina historia ndefu kuliko Kiswahili chenyewe, na ukiijua utalisoma zoezi hili, na alama zake, kwa jicho tofauti kabisa.

Kanuni moja na mtoto mkaidi

Kwanza tuone a-unganifu inaundwaje. Chukua kiambishi ambacho nomino inakiweka mbele ya kitenzi, kisha ongeza "a". Basi.

Kiti *ki*mevunjika: ki + a = cha. Mlango *u*mefungwa: u + a = wa. Mizizi *i*mekauka: i + a = ya. Jina *li*mefutika: li + a = la. Macho *ya*mefumba: ya + a = ya. Nyumba *zi*mejengwa: zi + a = za. Viti *vi*mevunjika: vi + a = vya. Mahali *pa*mesafishwa: pa + a = pa.

Mabadiliko ya sauti ni madogo na yana utaratibu. "U" ikikutana na "a" inakuwa "w", na "i" inakuwa "y". Baada ya "l" na "z" hiyo "y" inamezwa. Na "ki" ikikutana na "a" inageuka "ch", ndiyo maana tunasema *cha* na wala si *kya*.

Kuna neno moja unalolitaja kila siku ambalo limeugandisha muungano huu ndani yake: *chakula*. Likate vipande: ch-a kula, yaani kitu *cha kula*. Wingi wake ni *vyakula*, vy-a kula. Waganda nao wana *ebyokulya*, vitu vya kula, vilivyoundwa kwa njia ileile. A-unganifu imekaa humo muda mrefu mpaka tumesahau kwamba ilikuwa neno la kuunganisha.

Majina ya ngeli tunayofundishwa shuleni, U-I, KI-VI, LI-YA, I-ZI na wenzake, ni viambishi hivyohivyo vya kitenzi. Kwa hiyo jina la ngeli linakuja na jibu mkononi. U-I inakupa wa na ya. LI-YA inakupa la na ya. I-ZI inakupa ya na za.

Mkaidi ni mmoja tu: A-WA. Mtoto *a*mefika. Kwa kanuni yetu ingekuwa a + a, na tungesema "mtoto a jirani". Hakuna Mswahili anayesema hivyo. Tunasema mtoto *wa* jirani. Hiyo "w" imetoka wapi?

Kwa jirani zetu Waganda

Swali kama hili huwezi kulijibu ukiwa umejifungia ndani ya Kiswahili. Wataalamu wa karne ya 19 waliligundua hilo mapema. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alichapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Edward Steere alitoa kitabu chake, kilichotokana na Kiswahili cha Unguja, mwaka 1870. Steere alizigawa nomino katika ngeli nane, na moja kati ya hizo aliiweka kwa ajili ya neno moja tu: *mahali*. Kwa mtu anayetaka kujifunza kusema, mpangilio huo unatosha. Lakini unaonyesha Kiswahili kilivyo, hauelezi kimefikaje hapo.

Njia ya pili ilikuwa kulinganisha lugha. Wilhelm Bleek, aliyefanya kazi Afrika Kusini, alianza kuchapisha sarufi linganishi ya lugha za Kibantu mwaka 1862, na humo akazipa ngeli namba, umoja na wingi kila mmoja na yake. Carl Meinhof akaziendeleza namba hizo mwishoni mwa karne ileile, na mwaka 1899 akatoa kitabu kilichojaribu kurudisha sauti za lugha mama ya Kibantu. Ukikuta mazoezi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa wageni, yenye "ngeli ya 1" mpaka "ya 18", namba hizo ndizo hizi. Na ndiyo maana katika Kiswahili zinaruka kutoka 11 hadi 14. Namba 12 na 13 ni za ngeli ambazo lugha nyingine za Kibantu bado zinazo na Kiswahili sanifu hakina.

Sasa tufanye walivyofanya wao, tena kwa lugha moja tu ya kulinganisha. Luganda imehifadhi konsonanti nyingi ambazo Kiswahili kimeziacha njiani. Tazama:

- mtoto wa: *omwana wa* (ngeli ya 1)
- watoto wa: *abaana ba* (ngeli ya 2)
- mti wa: *omuti gwa* (ngeli ya 3)
- ulimi wa: *olulimi lwa* (ngeli ya 11)
- uzito wa: *obuzito bwa* (ngeli ya 14)

Upande wa kushoto kuna neno moja limerudiwa mara tano. Upande wa kulia kuna maneno matano tofauti: wa, ba, gwa, lwa, bwa. Mganda akilifanya zoezi letu kwa lugha yake, kuandika "wa" kila mahali hakumfikishi popote.

Kilichotokea kwenye Kiswahili ni kwamba konsonanti za mwanzo zilidhoofika. "Ba" ya zamani ikawa "wa", na unaiona hata kwenye nomino zenyewe: *abaana* kwao, *watoto* kwetu. "Gu" ikapoteza "g" ikabaki "u". "Lu" ikapoteza "l", ikabaki "u". "Bu" nayo ikaishia "u". Mara hizi "u" tatu zilipokutana na "a", zote zikatamkwa "wa". Njia zilikuwa tofauti, lakini mwisho wake ukawa mmoja.

"Ya" nayo ina kisa kama hicho, ingawa ni kifupi. *Emiti gya*, *amaaso ga*, *ennyumba ya*: hizo tatu kwetu ni miti ya, macho ya, nyumba ya.

Na yule mkaidi wa A-WA? Ngeli ya 1 ilikuwa na alama mbili tangu zamani: "a" ya kutangulia kitenzi, na nyingine yenye sauti "u" kwa maneno ya kuonyesha na kuunganisha. Hiyo ya pili haijafa. Unaisikia kila unapouliza *yuko wapi*, unapojibu *yupo* au *yumo ndani*, na unaposema *huyu*. A-unganifu ilichagua hiyo: u + a = wa. Kwa hiyo kanuni yetu haikuvunjika. Sisi ndio tuliotafuta kiambishi chake kwenye kitenzi, wakati mwenyewe amejificha ndani ya *yuko*.

Alama tatu na alama sita

Haya, turudi darasani, maana hapa ndipo historia hii inapomgusa mtoto mwenye kalamu mkononi.

Tuseme kuna wanafunzi wawili. Wa kwanza tumwite "Wa-kila-mahali". Yeye, kama jina lake, ameandika "wa" kwenye nafasi zote 12. Tumeshaona anapata 6.

Wa pili anazijua ngeli zake vizuri, ila anatazama nomino isiyo yenyewe. Badala ya kupatanisha na neno linalotangulia nafasi, anapatanisha na linalofuata. Kosa hili ni la kawaida sana, hasa kwa wanaoanza, kwa sababu neno la kulia liko karibu na ndilo jicho linapoelekea. Katika *Kiti ___ mwalimu* anaona mwalimu, anaandika "wa". Katika *Mlango ___ nyumba* anaona nyumba, anaandika "ya". *Ukuta ___ shule*: "ya". *Watu ___ kijiji*: "cha". *Mizizi ___ mti*: "wa". *Macho ___ paka*: "wa". *Nyumba ___ babu*: "wa". *Jina ___ mto*: "wa". *Nyumbani ___ babu*: "wa". Zote amekosa. Anapata tu mtoto wa jirani, uzito wa mzigo na rafiki wa Juma, kwa sababu hapo pande zote mbili zinadai "wa". Jumla: 3 kati ya 12.

Umeona kilichotokea? Aliyepata 6 hajui kitu. Aliyepata 3 anajua kwamba nyumba inataka "ya", shule inataka "ya" na kijiji kinataka "cha". Anahitaji kuambiwa sentensi moja tu: *tazama neno lililo kabla ya nafasi*. Ukimwambia hivyo leo, kesho anaweza kupata zote. Lakini kwenye daftari la alama yuko chini ya mwenzake, na huenda akapelekwa kurudia somo la ngeli ambalo tayari analo kichwani.

Namba ya alama haiwezi kukutenganishia hawa wawili. Majibu yenyewe yanaweza. Angalia maswali ya 2, 4 na 5. Wa-kila-mahali anayapata yote matatu. Mwenzake anayakosa yote matatu, na anayakosa kwa mpangilio: ya, ya, cha. Ukiona "watu cha kijiji" kwenye karatasi ya mtoto, usikimbilie kusema hajui ngeli ya watu. Hiyo "cha" haikutoka hewani. Imetoka kwa kijiji.

Na tazama pia swali la 3 na la 6. Haya hayakuambii kitu kuhusu huyo wa pili, kwa kuwa nomino zote mbili zinatoa "wa". Kama unatunga zoezi, jozi ya namna hii ni nafasi iliyopotea. Weka nomino mbili zenye madai tofauti: *vitabu ___ mtoto*, *jina ___ shule*, *mlango ___ chumba*.

Nafasi ya pili

Kumbana Wa-kila-mahali kunahitaji mbinu nyingine, kwa sababu yeye amefichwa na historia. Mtoto, watu, mlango, ukuta na uzito zilikuwa na alama tano tofauti, na sauti zikazifanya moja. Nafasi moja haiwezi kuzitofautisha tena. Basi ongeza ya pili, mahali ambapo tofauti bado inasikika:

*Mtoto ___ jirani ___meanguka.* Wa, a.
*Watu ___ kijiji ___meondoka.* Wa, wa.
*Mlango ___ nyumba ___mefungwa.* Wa, u.

Mlango na ukuta bado watafanana hapo, wote "u". Hao utawatenganisha kwa kuomba wingi. Mlango wa nyumba unakuwa *milango ya* nyumba. Ukuta wa shule unakuwa *kuta za* shule. Uzito wa mzigo unabaki palepale, kwa sababu hatuna wingi wa uzito. Kwa maneno mengine, umoja umeunganisha ngeli hizi, ila wingi unakumbuka kwamba hazikuwa moja.

Wingi unaokoa na swali la 9. *Nyumba ___ babu*: tumejibu "ya", lakini mtoto akiandika "za" utamkosoa kwa lipi? Nyumba moja ni nyumba, nyumba kumi ni nyumba. Katika ngeli ya I-ZI, a-unganifu mara nyingi ndiyo pekee inayosema ni ngapi. Zoezi lenye nomino ya I-ZI bila kionyeshi chochote cha idadi lina majibu mawili sahihi, hata kama ukurasa wa majibu umeandika moja.

Na ukilinganisha swali la 9 na la 12, nyumba *ya* babu na nyumbani *kwa* babu, unaona jambo jingine. Hiyo "-ni" ndogo imelihamisha neno kutoka I-ZI hadi ngeli ya mahali. Mtoto anayeandika "nyumbani ya babu" ameitambua nyumba, hakuiona "-ni".

Rafiki wa nani?

Nimeliacha swali la 11 makusudi, kwa sababu lina ugomvi. *Rafiki ___ Juma.* Jibu la Kiswahili sanifu ni "wa". Lakini mtoto anayeandika "ya" ana hoja yake. Mwenyewe akitaka kumtaja rafiki yake husema *rafiki yangu*. Hasemi *rafiki wangu*. Kama ni yangu mimi, kwa nini isiwe "ya" Juma?

Neno rafiki limetoka Kiarabu, na halikuja na kiambishi cha M-. Kwa umbo, lilikaa pamoja na baba, mama, dada na ndugu, maneno yasiyo na M- mwanzoni, ambayo kwa sura yanafanana na nyumba na meza. Lakini Kiswahili kina tabia ya kuvuta kila chenye uhai kwenye upatanisho wa A-WA. Ndiyo maana simba *a*melala, hata kama simba hana M-. Rafiki naye akavutwa: rafiki *a*mefika, rafiki *m*wema, rafiki *wa* Juma.

Mvuto huo ukapita kwenye kitenzi, kivumishi na a-unganifu, halafu ukasimama mlangoni mwa vimilikishi, yaani -angu, -ako, -ake na wenzao. Majina ya jamaa na watu wa karibu yakabaki na upatanisho wao wa zamani: baba *yangu*, shangazi *yako*, ndugu *zetu*, adui *zao*. Kipimo kizuri ni mjomba na shangazi. Wote ni ndugu wa wazazi, lakini unasema mjomba *wangu* na shangazi *yangu*. Mjomba ana M-, kwa hiyo alikuwa wa A-WA tangu mwanzo. Shangazi hana.

Ndani ya neno moja, basi, kuna tabaka mbili za historia: *rafiki yangu* ni la zamani, *rafiki wa Juma* ni la baadaye. Na kuna njia ya tatu inayozikutanisha, ambayo Waswahili wanaipenda sana: *rafiki yake Juma*, *mama yake Asha*. Zoezi likitaka kuwa la haki, libaki na nafasi mbili: *Rafiki ___ Juma ni rafiki ___ngu pia.* Wa, ya. Hapo mtoto anaona zote mbili zikiishi sentensi moja, na hana haja ya kudhani kwamba moja ni makosa ya nyumbani.

Safari haijaisha

Tuseme ukweli, sauti na upatanisho havijasimama kwa sababu tuna sarufi iliyochapishwa. Kongamano la Mombasa la mwaka 1928 lilichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia vitabu vya shule. Zoezi letu ni mjukuu wa uamuzi huo. Nje ya darasa, bara na hasa Kongo, utasikia "ya" ikibeba kazi ya wenzake wengi: *kitu ya*, *watoto ya*. Anayesema hivyo amekwenda hatua zaidi kwenye barabara ileile ambayo Kiunguja kilianza kutembea siku kilipoziacha "g", "l" na "b" za zamani. Ngeli tano ziliishia kwenye "wa" moja. Kwake, karibu zote zimeishia kwenye "ya".

Mtihani wa Kiswahili sanifu utamkosoa, na ndivyo ulivyowekwa. Lakini mwalimu anayekuta "kitu ya mtoto" kwenye daftari ana kitu cha kuangalia kabla ya kuchora mkasi mwekundu: je, kitenzi kinasemaje? Kama mtoto huyo huyo ameandika *kitu kimeanguka*, basi ngeli ya KI-VI anayo. Mwonyeshe tu hiyo "ki" aliyoiandika yeye mwenyewe, mwambie aiongeze "a", kisha asikilize inavyogeuka "cha".